Chanzo kisichoaminika bado kina kazi

Nilipokuwa najiandaa kwa mtihani wa historia nilikuwa na sentensi moja niliyoitegemea: "Chanzo hiki hakiaminiki kwa sababu mwandishi ana upendeleo." Niliibandika kwenye barua, hotuba, katuni, hata kwenye jedwali la takwimu. Niliikariri kutoka kwenye majibu ya mfano ya mitihani iliyopita, na nikawa sielewi kwa nini kila mara naambulia alama mbili. Kumbe nilikuwa nimebeba hitimisho la mtu mwingine na kuacha hoja zilizomfikisha pale.

Tuchukue mfano mmoja tuupekue. Baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani uasi ulipozuka, alichapisha maelezo yake mwaka 1909. Ndani yake anatilia mkazo ushirikina na dawa ya maji. Tuseme umepewa kipande chake na swali: kina manufaa gani kwa mwanahistoria anayechunguza sababu za vita hivi?

Jibu la alama mbili linasema Götzen ni Mjerumani, kwa hiyo ana upendeleo. Linaishia hapo. Jibu zuri linauliza: upendeleo huo unamsukuma aseme nini, na anyamaze juu ya nini? Götzen ndiye aliyekuwa madarakani mashamba ya pamba ya kulazimishwa yalipoanzishwa mwaka 1902. Akikiri kwamba watu walichoshwa na pamba na kodi, anajishtaki mwenyewe. Akisema waganga waliwapotosha, lawama inahamia kwingine. Kisha jibu hilo linapima dai lake kwa jambo la nje ya chanzo: Julai 1905, huko Umatumbi, uasi ulianza kwa watu kung'oa pamba. Hawakuanza na kitu kingine, na hilo maelezo ya ushirikina peke yake hayalielezi.

Sasa hapa ndipo wengi huanguka, na mimi nilianguka mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ukishaonyesha kwamba dai lake kuhusu sababu halitegemeki, unajisikia umemaliza: hakiaminiki, basi hakina manufaa. Hapana. Ukitaka kujua serikali ya kikoloni ilitaka uasi ueleweke vipi huko Ujerumani, ni vigumu kupata chanzo bora kuliko maneno ya gavana mwenyewe, na ule upendeleo wake ndio unaokipa thamani. Tena, hata kuaminika hakupimwi kwa chanzo kizima. Kuhusu lini vikosi vilitumwa na wapi, Götzen alikuwa na ripoti za maofisa wake mezani, na huko hakuwa na sababu kubwa ya kupindisha. Kuhusu kilichokuwa moyoni mwa mkulima wa Umatumbi, alikuwa mbali mno.

Geuza upande wa pili uone. Mwaka 1968 watafiti na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikusanya simulizi za wazee kuhusu vita hivi. Mwanafunzi mvivu ataandika: walikuwepo, kwa hiyo wanaaminika. Lakini zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita, na walisimulia katika nchi iliyokwisha kujitawala, ambako Maji Maji ilikuwa fahari ya taifa. Usiwategemee sana kwa tarehe. Kwa habari ya jinsi kazi ya pamba ilivyofanywa na jinsi dawa ilivyosambaa kijiji hadi kijiji, wanakupa kile ambacho gavana hangeweza kukuandikia.

Majibu ya mfano nayatumia hivi siku hizi. Kwanza nalifunika jibu na kuandika langu. Nikilifunua, natafuta pale linapogeuka, mara nyingi kwenye "lakini" au "hata hivyo", na kuuliza ni ushahidi gani uliolifanya ligeuke. Naliweka kando ya mwongozo wa kusahihishia, kwa sababu jibu peke yake halikuonyeshi alama zilipatikana wapi. Unaweza kudhani ni ule utangulizi mzuri, kumbe ni nusu sentensi ya katikati.

Halafu kuna jaribio dogo ambalo limeniokoa sana. Katika jibu langu nafuta jina la mwandishi, mwaka na mahali. Kama sentensi bado inasomeka vizuri na ingefaa chanzo chochote kile, naifuta yote na kuiandika upya. "Aliandika ili kujitetea" inafutwa. "Aliandika 1909, baada ya kuacha ugavana, kuhusu uasi uliozuka dhidi ya sera ya pamba iliyoanza chini yake" inabaki, kwa sababu ukiitolea hayo haibaki na kitu.