Barua ya kuazima kielelezo cha mifupa

"Nafundisha Baiolojia Kidato cha Tatu, hatuna kielelezo cha mifupa. Barua ya kuazima chuo kikuu niiandikeje?"

Mwalimu, mwandikie Mkuu wa Idara ya Anatomia, kwenye karatasi yenye nembo ya shule, na mkuu wako wa shule asaini. Kuna mwenzetu ameshauri umwone fundi wa maabara wa chuo, naye yuko sahihi nusu: fundi anajua kipi kipo na kipi kimeshapoteza vidole, ila hana mamlaka ya kutoa mali ya chuo getini.

Kichwa: "YAH: OMBI LA KUAZIMA KIELELEZO CHA PLASTIKI CHA MIFUPA YA BINADAMU". Plastiki itajwe, maana mifupa halisi ina masharti yake na idara haitaitoa kirahisi. Kisha aya moja:

"Tunaomba kukitumia kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi kufundishia mada ya mwendo. Gari la shule litakifuata, nami nitasaini kukipokea na kukirudisha. Kikiharibika, shule itagharamia."

Sentensi ya mwisho zungumza kwanza na mkuu, isije ikawa deni lako.

Siku ya kukichukua, kagueni pamoja viganja na nyayo, mpige picha. Vipande vya vidole peke yake ni 56, na ndivyo hupotea. Kisisafirishwe kikining'inia kwenye stendi yake. Kilaze juu ya blanketi, fuvu ulifunge kando kama linachomoka.

Wakikataa kukitoa, omba uwapeleke wanafunzi hukohuko. Kwa baadhi ya idara hilo ni rahisi zaidi.