Mbuyu na zabibu pekee havitoshi

*"Nimepeleka hadithi yangu kwa mhariri, kairudisha anasema tashbihi zangu ni za kuokota: 'meno meupe kama theluji', 'kimya kama maji mtungini', 'mrefu kama mnazi'. Akaniambia nitumie vitu vya hapa kwetu Dodoma. Nimeweka mbuyu, nimeweka zabibu, bado anasema hazina uhai. Sasa anataka nini?"*

Mkuu, mhariri wako yuko sahihi mara zote mbili. Ulichofanya ni kutoa jina na kuweka jina. Palipokuwa na mnazi ukasimamisha mbuyu, na mbuyu nao umeshafananishwa na kila mtu mnene aliyewahi kuandikwa tangu tuko shule ya msingi. Msomaji akifika kwenye "mkubwa kama mbuyu" haoni mti wowote, anasoma tu "mkubwa sana" na kuendelea. Zabibu ndiyo kabisa, zimeshabandikwa kwenye kila bango la kukaribisha wageni mkoani.

Mimi nipo Kibaigwa, mchana nashinda kwenye mashine ya kukamua alizeti, usiku naandika. Tuna kikundi kidogo cha kusomeana kazi. Nitakueleza tunavyofanya kwa mifano miwili, maana hili jambo likielezwa kwa nadharia halieleweki.

Tuanze na hizo zabibu. Mwenzetu mmoja aliandika kuhusu binti: "macho yake meusi kama zabibu za Hombolo." Linasikika vizuri. Lakini aliyewahi kuvuna zabibu nyeusi anajua zikiwa bado mtini zina kitu fulani juu yake, kama unga mwembamba mweupe, ambao ukigusa kwa kidole unatoka na pale ulipogusa panabaki pameng'aa. Sasa chukua jicho lililo hivyo uliweke kwa binti wa miaka ishirini. Umempa mtoto wa jicho! Dada mmoja kwenye kikundi, kwao wana shamba la zabibu, alicheka akasema hayo macho si ya huyo binti, ni ya bibi yake.

Na kweli tulimhamishia bibi. Hadithini alikuwepo bibi ambaye jicho moja limeanza kupotea, na mwandishi alikuwa ameandika tu kwamba "haoni vizuri". Ikawa hivi:

"Jicho la kulia la bibi lilikuwa limefanya ukungu kama zabibu ambayo haijaguswa na mkono. Mjukuu alitamani kuufuta kwa kidole."

Angalia kilichotokea. Ni zabibu ileile iliyokuwa imekufa kwenye sentensi ya kwanza. Tofauti ni kwamba mara hii imeletwa na tabia yake moja, ule unga, tena ikatoa hata kitendo cha mtoto kwenye sentensi inayofuata. Na pale zabibu na jicho visipofanana, kwamba ukungu wa zabibu unafutika na wa jicho haufutiki, ndipo penye uchungu wenyewe. Hilo hulipati ukianza na swali "Dodoma kuna nini?" Unalipata ukianza na kitu ulichokishika ukaona kinafanya nini.

Mfano wa pili ni wangu na ndio unaohusu maji yako ya mtungini. Kwenye hadithi yangu nilikuwa na baba ambaye kijana wake ameuza ng'ombe wa jembe bila ruhusa. Baba hapigi kelele, anakaa kimya siku kadhaa. Sasa kabla ya kutafuta tashbihi yoyote, jiulize ile iliyochakaa ilikuwa inafanya kazi gani pale. Maji mtungini ni utulivu wa mtu mpole, yametulia kwa sababu hakuna kinachoyasumbua. Baba yangu hakuwa mpole hata kidogo. Ukimya wake ulikuwa wa mtu mwenye kitu chini, ambaye akiguswa vibaya kila kitu kitapanda juu. Kwa hiyo "kimya kama maji mtungini" ilikuwa mbaya hata kama ingekuwa mpya, maana ilikuwa inamsema uongo. Tashbihi nyingi zilizochakaa zina kasoro hiyo: zinakuja zenyewe mkononi kabla hujajua unataka kusema nini.

Nilipojua kazi ni ipi, kitu chenyewe kilikuwa mita mbili kutoka nilipokaa. Mafuta ya alizeti yakitoka kwenye mashine yanakuwa na ukungu, kama hayajapita kwenye chujio unayaweka kwenye pipa na kuyaacha. Siku zikipita mashapo yanashuka, juu yanabaki meupe ya kung'aa mpaka unaona ukuta wa ndani wa pipa. Mteja akiyaona anadhani yako tayari mpaka chini. Mtu asiyejua akilisukuma pipa kwa goti, kazi yote imeharibika, unaanza kusubiri upya.

Jaribio la kwanza niliandika: "Baba alikuwa kimya kama pipa la alizeti." Msomaji wa Kongwa au Singida pengine ataelewa. Wa Tanga atasoma pipa, na pipa kwake ni kitu kinene kisichosema. Nimerudi palepale kwenye jina.

Jaribio la pili nikaeleza kila kitu: "Baba alikuwa kimya kama mafuta ya alizeti ambayo yamekamuliwa na kuwekwa kwenye pipa kwa siku kadhaa hadi mashapo yakashuka chini na juu yakang'aa, lakini ukilitikisa pipa yanachafuka tena." Hapo msomaji ameelewa, ila amesahau baba. Tashbihi ikizidi mstari mmoja na nusu hivi, hadithi imesimama na wewe umeanza kufundisha ukamuaji.

Dawa niliyoipata ndiyo ninayokushauri uichukue kuliko yote niliyoandika humu: kilete kitu kwanza kama kitu, baadaye ndipo ukitumie kumfananishia mtu. Nilirudi kurasa mbili nyuma, kabla hata ng'ombe hajauzwa, nikaweka tukio dogo. Kijana yuko mashineni na baba yake, anaegemea pipa, baba anamfokea: "Toka hapo, hayajatulia hayo!" Nikaonyesha mashapo yalivyopanda na kuchafua juu. Basi, hakuna kufananisha chochote. Msomaji ameliona pipa na amejua sheria yake. Kurasa mbili mbele ng'ombe ameuzwa, baba yuko kwenye kiti chake uani, nikaandika:

"Siku ya tatu uso wa baba ulikuwa umeng'aa kama mafuta yaliyotulia. Hakuna aliyethubutu kukigusa kiti chake."

Wa Tanga anaelewa, wa Mbeya anaelewa, wala sikueleza tena. Nilipomsomea jamaa mmoja ambaye hajawahi kuona mashine ya kukamua, alisema tu "atalipuka huyo mzee." Hicho ndicho kipimo nachokiamini. Msomee mtu asiye wa mazingira yako, usimuulize kama imependeza, muulize anadhani mhusika atafanya nini baadaye. Akikuambia "anaonekana mtulivu", tashbihi imekwama njiani.

Sasa jambo la mazingira. Watu wakiambiwa "tumia vitu vya kwenu" wanakimbilia kijijini kwa babu: tembe, ngoma, mifugo. Kama unaishi chumba cha kupanga Chang'ombe na kila asubuhi unapanda daladala kwenda Mtumba, mazingira yako ni hayo. Ni foleni ya madumu maji yakikatika, ni vumbi la Septemba linaloingia hata ndani ya sanduku lililofungwa, ni mita ya umeme inayopiga kelele uniti zikikaribia kwisha. Usiazime tembe uliyoiona kwenye picha, itakutia aibu, kwa sababu aliyekulia ndani yake atagundua kwenye mstari wa kwanza kwamba hujui hata udongo wa juu huvuja upande gani. Halafu pia mtazame mhusika. Kama anayesimulia ni mtoto wa miaka kumi anayechunga mbuzi Bahi, mita ya umeme haimjii kichwani wakati anamwogopa mwalimu.

Namna ya kukusanya ni rahisi ila inataka uvumilivu. Nina daftari, naandika kitu kinafanya nini, sentensi moja, bila neno "kama" hata mara moja. Mfano: "Mashudu yakitoka mashineni ni ya moto na yamejikunja, yakipoa yanavunjika." "Mlenda unavutika uzi, mwenye kuujua anazungusha mkono kidogo na uzi unakatika." "Gari likipita, kuku hawakimbii vumbi, wanaligeuzia mgongo." Ukiandika "kama" mapema umeshakifunga kitu kwa mtu mmoja. Huo mlenda nimekaa nao muda mrefu bila kujua ni wa nani, mpaka nilipohitaji mgeni asiyejua kuaga mlangoni.

Usiziondoe za zamani kwenye mazungumzo ya wahusika, lakini. Watu wanasema "mkali kama pilipili" kila siku, shangazi akiongea hivyo ni shangazi kweli. Tatizo ni pale msimulizi anapoongea hivyo.

Turudi kwenye zako tatu. "Meno meupe kama theluji" futa tu, andika "meno meupe". Si kila sifa inadai mfano, na hakuna mtu kwenye hadithi yako aliyewahi kuona theluji. Ya maji mtungini nimeshaieleza, kwanza tuambie huyo mtu kanyamaza kwa nini. Ya mnazi usiitafutie mbadala, mpe huyo mrefu kitu cha kugongana nacho. Mpandishe Haisi ya kwenda Nanenane saa moja asubuhi, asimame kwa sababu viti vimejaa, uandike shingo yake imelala upande gani na anaongea na konda akiwa ameangalia wapi. Urefu utaonekana bila "kama".

Ukimaliza weka hiyo aya hapa, si hadithi nzima. Weka na ile ya mbuyu, nahisi kuna kitu ndani yake ukituambia ni mbuyu upi na uko wapi.