Gesi ya meno ikishafungwa, usikimbilie kuvua barakoa

Mzazi akisikia kwamba mtoto wake atapewa gesi kabla ya kung'olewa jino, maswali huwa yale yale: itamlaza mpaka saa ngapi, itamwachia kasoro, atatembea mwenyewe? Ninatibu meno ya watoto Nairobi na maswali hayo nayajibu kwa moyo mkunjufu. Lakini lipo moja ambalo karibu hakuna anayeliuliza, na ningependa kila mzazi aje nalo: mkishafunga gesi, mtamwacha kwenye oksijeni kwa muda gani?

Gesi yenyewe ni nitrasi oksaidi, hiyo inayoitwa gesi ya kucheka. Kwa kiasi tunachotumia kwenye kiti cha meno, haimlazi mtu. Mtoto yuko macho, anakusikia, anafungua kinywa ukimwambia. Kinachopungua ni hofu. Maumivu inayapunguza kidogo tu, kwa hiyo sindano ya ganzi iko pale pale. Gesi inamsaidia kuikubali.

Nichukue mfano wa mtoto wa miaka 8, gego la utotoni limeoza mpaka ndani, na akiona tu sindano anabana meno. Tunamvalisha barakoa ndogo inayofunika pua peke yake, tunambana kipima oksijeni kidoleni, na tunaanza na oksijeni tupu, kama lita 5 kwa dakika. Tunatazama ule mfuko wa mpira kwenye mashine unavyojaa na kunywea kila anapovuta pumzi. Usipocheza, ujue anapumulia mdomoni, na gesi haitamfikia.

Kisha gesi inaingizwa kidogo kidogo: asilimia 10, tunasubiri kama dakika moja, 20, tunasubiri tena, halafu 30. Katika asilimia 30, kati ya zile lita 5, lita moja na nusu ni gesi na tatu na nusu ni oksijeni. Watoto wengi hutulia hapo hapo au juu kidogo. Mabega yanashuka, vidole vilivyokuwa vimeshika mkono wa kiti vinalegea, na anasema miguu inamwasha au anahisi mwepesi. Hapo ndipo ganzi inachomwa. Akianza kufunga kinywa kila mara bila kutaka, akiacha kujibu, au akisema tumbo linachafuka, imezidi. Tunapunguza, na ndani ya dakika moja hivi anarudi.

Anarudi upesi kwa sababu gesi hii hainati mwilini. Haiyeyuki sana katika damu, na ini haliivunjivunji. Karibu yote inatoka kama ilivyoingia, kwa njia ya mapafu. Ndiyo maana inashika ndani ya dakika mbili tatu, na ikifungwa inaachia ndani ya dakika tatu mpaka tano. Dawa ya kutuliza ya kunywa haina uhuru huo. Ukishaimeza, unasubiri mwili uimalize.

Lakini kule kutoka upesi ndiko kunakoleta haja ya oksijeni. Gesi hii haiyeyuki sana, ndiyo, ila inayeyuka katika damu zaidi ya mara 30 kuliko nitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta. Ukimwondolea mgonjwa barakoa ghafla akavuta hewa ya chumbani, gesi iliyokuwa kwenye damu inamiminika kurudi kwenye mapafu, kama soda inavyofoka ukifungua kizibo kwa pupa, na nitrojeni inayoingia kwenye damu ni kidogo mno kuziba nafasi hiyo. Vifuko vya mapafu vinajaa gesi inayotoka. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 tu. Ikichanganyika na gesi hiyo, oksijeni iliyomo inakuwa chini zaidi. Kaboni dioksidi nayo inachujuka, na hiyo ndiyo inayouambia ubongo kwamba ni wakati wa kuvuta pumzi, kwa hiyo mtu anaweza kupumua kidogo kuliko anavyopaswa wakati ule ule oksijeni imepungua. Daktari Bernard Raymond Fink alilieleza jambo hili mwaka 1955.

Sasa, mgonjwa akivuta oksijeni tupu wakati gesi inatoka, hata ikichanganyika bado inabaki ya kutosha. Hiyo ndiyo hesabu yote. Kwa mtoto wetu, gesi inarudishwa sifuri jino likishatoka, mara nyingi hata kabla, na lita 5 za oksijeni zinaendelea kwa dakika 5 huku akiuma pamba.

Niseme ukweli kamili: kwa mtoto mwenye afya njema aliyepewa asilimia 30, kushuka kwa oksijeni ni kudogo na kwa muda mfupi, na wengi wangeondoka salama hata bila hizo dakika. Hatari inakua kiasi kikiwa kikubwa, kazi ikiwa ndefu, mgonjwa akiwa na tatizo la moyo au mapafu, au akiwa amepewa pia dawa nyingine ya kutuliza. Mimi sikubali kuziruka kwa yeyote. Mtoto aliyeinuliwa mapema ndiye ninayemwona amepauka, anashika kichwa, au anatapika karibu na mlango. Na jambo jingine ambalo wazazi hawalioni: gesi anayoitoa inavutwa na bomba la barakoa mpaka nje. Ukiivua, anaipumua chumbani, na msaidizi wangu anayesimama pale siku nzima ndiye anayeivuta.

Kwa hiyo mama akiniambia, "Daktari, si amemaliza? Nina gari linanisubiri," namwomba akae kidogo. Simwachii mtoto kwa kutazama saa peke yake. Namuuliza yuko darasa gani, namkalisha wima, namngoja, kisha namsimamisha na kumtembeza hatua chache. Akijibu sawasawa, asiyumbe, na kichwa hakimuumi, barakoa imekwisha kazi. Akisema anahisi kizunguzungu, tunaongeza dakika nyingine 5 za oksijeni.

Kabla ya siku yenyewe, mpigie daktari simu ikiwa mtoto ana mafua, kwa sababu pua iliyoziba haivuti gesi, na miadi isogezwe tu. Chakula kiwe chepesi, si pilau ya kushiba. Mtu mzima aseme kama ana mimba changa, kama amefanyiwa upasuaji wa sikio karibuni, kama ana upungufu wa vitamini B12, na hasa kama amewekewa kiputo cha gesi ndani ya jicho baada ya upasuaji: nitrasi oksaidi inakiingia, kinapanuka, na jicho linaweza kupofuka.

Mkifika nyumbani, tazama mdomo. Gesi imeshatoka zamani, mtoto anacheza, na mzazi anadhani yote yamekwisha. Lakini ganzi ya sindano hubaki saa mbili tatu. Katika muda huo mtoto anautafuna mdomo wa chini kwa sababu hausikii, na jioni umevimba, una kidonda cheupe, na watu wanadhani ni jino limeingia usaha. Asile kitu cha kutafuna mpaka akwambie mdomo umeamka.