Kusoma ratiba ya ujenzi ndani ya video ya kamera ya saiti

Ukipewa video ya dakika mbili inayoonyesha jengo la ghorofa likichipuka kutoka ardhini, usianze kwa kuitazama. Kwanza uliza kamera ilipiga picha kila baada ya muda gani. Kwenye jengo la ghorofa nne nililofuatilia Dar es Salaam, ilipiga kila dakika 10, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 11 na dakika 50 jioni. Hiyo ni picha 66 kwa siku, na video ikienda kwa picha 30 kwa sekunde, siku nzima ya kazi inapita kwa sekunde 2 na ushei. Jicho halikamati kitu kwa kasi hiyo, kwa hiyo toa picha moja ya kila siku:

```
ffmpeg -i jengo.mp4 -vf "select='not(mod(n,66))'" -vsync vfr siku_%03d.png
```

Hesabu hii inavurugika umeme ukikatika, kwa sababu siku yenye picha 40 inazisogeza siku zote zinazofuata. Ndiyo maana nasisitiza tarehe na saa ziandikwe kwenye picha yenyewe. Kama hazipo, omba picha asilia kutoka kwenye kamera, maana faili zake hubeba saa zilipopigwa.

Hatua ya pili ni kuchagua matukio ambayo huwezi kubishana nayo. "Slabu imefika nusu" ni maoni. Mimi huandika tarehe nne tu kwa kila slabu: mrunda wa kwanza wa kubeba mbao za slabu kusimama, mbao kufunika eneo lote, zege kumwagwa, na nguzo za juu yake kumalizika. Nondo huonekana vizuri ikiwa kamera iko juu kuliko slabu, na kazi yake inajaza nafasi kati ya mbao na zege.

Hapo ndipo nilipokosea mwanzoni. Ratiba ilitoa siku 21 kwa kila slabu: mbao 8, nondo na mabomba ya umeme 5, zege 1, nguzo 7. Kwenye video nikahesabu siku 24, nikamwambia mkandarasi amechelewa siku tatu. Hakuwa amechelewa hata siku moja. Ratiba ilihesabu siku za kazi, Jumatatu hadi Jumamosi, nami nilikuwa nimeziingiza Jumapili tatu. Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo nabadilisha siku zote kuwa za aina moja kabla ya kulinganisha chochote.

Slabu ya tatu ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mbao zilizopangiwa siku 8 zilichukua 17, na ripoti ya mwezi ikasema sababu ni mvua. Nikafungua picha za siku hizo moja moja. Mbao zilifunika nusu ya eneo kwa siku 4, kisha zikasimama siku 9 za kazi. Katika hizo 9, ardhi ililowa na saiti ikawa tupu siku 2 tu. Siku nyingine mafundi walikuwepo, wanakata nondo chini, wanasogeza matofali, lakini juu hakuna aliyepanda.

Nikarudi kwenye tarehe ya zege la slabu ya pili. Tangu limwagwe, nguzo zilichukua siku 6, nusu ya mbao siku 4, kisha yale mapumziko ya siku 9. Jumla ni siku 19 za kazi, yaani siku 22 za kalenda. Mhandisi alikuwa ameagiza mirunda ikae chini ya slabu siku 21. Na kweli, siku ya 22 picha inaonyesha mirunda ikitolewa chini ya slabu ya pili, mingine ikiachwa kuibeba, na kesho yake mbao za juu zinaendelea. Mkandarasi alikuwa na mirunda ya slabu moja na nusu. Aliyepanga ratiba alidhani ana ya mbili.

Ona kwamba video haikuonyesha sababu. Ilionyesha kazi ilisimama lini na iliendelea lini, na tarehe hizo mbili ndizo zilizonipeleka kwenye maagizo ya mhandisi na idadi ya mirunda. Ukitafuta sababu kwa macho peke yake utaandika "mvua" kama walivyoandika wao.

Fremu ya jengo, yaani nguzo na slabu, ikishakamilika, iweke video kando. Plasta, mabomba na nyaya viko ndani, na kwa nje jengo hukaa miezi likiwa lilelile huku kazi kubwa ikiendelea, au ikiwa imelala. Kuanzia hapo tembea chumba kwa chumba na orodha mkononi.

Kwa slabu ya nne tulishauri mirunda ya chuma ikodishwe. Mbao zake zilikamilika kwa siku 8, ingawa zile 9 zilizopotea hazikurudi.