Mgeni Mkristo kwenye swala ya Ijumaa: nguo, pa kukaa na wakati wa kunyamaza

"Wakuu, rafiki yangu Mwislamu kanialika mimi na mke wangu tukahudhurie swala ya Ijumaa msikitini kwao. Sisi ni Wakristo na hatujawahi kuingia. Tuvae nini, na tukifika ndani tufanye nini?"

Mkuu, mimi ni Mwislamu na nimeshapokea wageni wa namna yenu zaidi ya mara moja. Nguo ni sehemu nyepesi. Wageni wengi hukwama kwenye pa kukaa na wakati wa kuongea.

Kwanza mwambie rafiki yako amjulishe imamu mapema. Wanazuoni hawakubaliani kuhusu asiye Mwislamu kuingia msikitini. Madhehebu ya Shafii yanaruhusu akipewa idhini na Mwislamu, isipokuwa Msikiti Mtakatifu wa Makka, ilhali ya Maliki yamebana zaidi. Imamu akishajua, hata mtu akihoji mlangoni, mwenyeji wenu atakuwa na la kujibu.

Wewe vaa suruali pana ya kawaida na shati. Mtakaa chini kwenye zulia, na suruali ya kubana itakutesa, wakati kaptura hata ikifika gotini hupanda ukikaa, na mwanamume anatakiwa asitirike kuanzia kitovuni hadi magotini. Epuka fulana yenye sura ya mtu au maandishi makubwa mgongoni, maana anayekaa nyuma yako atakuwa anakusoma wewe. Soksi ziwe safi na kavu. Kanzu na kofia huhitaji, na mimi huwa nawashauri wageni wasivae, kwa sababu nitakayoieleza. Ukiwa na mkufu wa msalaba, uweke ndani ya shati. Kitunguu saumu na kitunguu kibichi viache siku hiyo, kuna hadithi ya Mtume inayomtaka aliyevila akae mbali na msikiti.

Shemeji avae gauni refu lisilobana wala kuangaza, mikono ifike kwenye viganja, na mtandio wa kufunika nywele na shingo. Achague kitambaa kizito kidogo, kwani ule mlaini unaoteleza utamfanya ashughulike nao muda wote. Pini mbili zinamaliza kazi. Manukato makali aache, ingawa wanaume siku hiyo kujipaka ni sunna, jambo linalopendekezwa.

Sasa jambo ambalo wenyeji wengi husahau kusema: wewe na mkeo mtatengana mlangoni. Wanawake wana sehemu yao, mara nyingi nyuma, ghorofani au nyuma ya pazia, na rafiki yako hatakuwepo huko. Kwa hiyo mwombe apange mke au dada yake ampokee shemeji. Kubalianeni pia mtakutana wapi baadaye, simu zitakuwa zimezimwa.

Fikeni kabla watu hawajajaa. Viatu huvuliwa pale zulia linapoanzia au penye rafu, na angalia usikanyage kwa soksi sehemu ya kutawadhia, sakafu yake huwa imelowa. Wewe hutakiwi kutawadha. Ukiingia, tafuta ukuta wa nyuma au wa pembeni. Waislamu husimama bega kwa bega bila kuacha pengo, na mtu aliyekaa katikati ya safu bila kuswali analeta pengo hilo. Mkichelewa, ukuta utakuwa umeshachukuliwa, na kupita juu ya mabega ya watu kutafuta nafasi kumekatazwa hata kwa sisi wenyewe. Anayeumwa magoti aombe kiti, hakuna atakayeshangaa.

Maswali yako yote yamalize kabla khatibu hajapanda mimbari. Akishapanda, atatoa salamu, adhana itasomwa, kisha ataanza hotuba. Kuanzia hapo rafiki yako hawezi kukujibu. Kuna hadithi inayosema ukimwambia mwenzako "nyamaza" wakati imamu anahutubu, hata wewe umefanya upuuzi. Kwa hiyo ukimnong'oneza akakutazama tu, hajakununia. Simu usiiguse, na picha usipige. Hotuba ni mbili, na katikati khatibu hukaa kitambo kifupi. Wageni wengi hudhani hapo imekwisha wakaanza kujinyoosha na kuongea. Bado.

Ikisomwa ikama, wito mfupi wa kuanza swala, watu wote watasimama kwa mkupuo na kusogea mbele kujaza safu. Hapa ndipo penye mtego. Yuko mwenzangu wa kazini, Mlutheri, aliyekuja na mkewe. Yeye alivaa kanzu aliyoazima, mkewe alijistiri vizuri kabisa. Ikama iliposomwa, mzee mmoja akamshika mkono akamvuta kwenye safu, "sogea, sogea, jaza hapo." Akaona aibu kukataa, akaswali kwa kuiga, jicho moja kwa jirani, akainuka kwenye sijda wenzake wakiwa bado chini. Mkewe huko kwa wanawake alivutwa vilevile, ila yeye aliweka mkono kifuani akasema, "Mimi ni mgeni, naangalia tu." Yule mama akatabasamu, akamwonyesha ukuta, na safu ikajazwa na mwingine. Fanyeni kama huyo dada. Ndiyo sababu nasema kanzu uiache, ukiivaa unawaambia watu kuwa wewe ni wa safuni.

Kwa hiyo wao wakisimama, nyinyi kaeni palepale ukutani. Najua kwa mtu aliyezoea kanisani, kubaki umekaa wenzako wamesimama kunaonekana kama dharau. Msikitini sivyo, na mtu aliyekaa nje ya safu anaeleweka papo hapo kuwa haswali. Kuinama na kusujudu ni ibada, na mwenyeji wa kweli hatarajii uifanye kwa kumfurahisha. Imamu atasoma kwa sauti, mtasikia watu wote wakiitikia "Amin" kwa pamoja, watarukuu na kusujudu. Rakaa ni mbili tu, swala yenyewe haichukui muda mrefu kama hotuba. Mwisho watageuza nyuso kulia kisha kushoto kwa salamu.

Baada ya salamu usikimbilie mlangoni. Wengine watabaki wamekaa wakileta uradi, wengine watainuka papo hapo kuswali sunna kila mtu kivyake, na kukatiza mbele ya anayeswali ni jambo zito kwetu. Subiri rafiki yako aje akutoe. Ukilazimika kutoka, pita nyuma yao. Ukiona watu wamesimama tena pamoja wakaswali bila kurukuu wala kusujudu, hiyo ni swala ya jeneza. Baki umekaa na utulie.

Kupeana mikono, wewe na wanaume haina shida, nao watakuja wengi. Mwanamke usimtangulizie mkono, weka wako kifuani na umsalimie kwa maneno. Shemeji naye hivyohivyo kwa wanaume. Kisanduku cha sadaka kikipita mbele yako, kutoa ni hiari yako, ukikisukuma kwa jirani bila kutia kitu hakuna atakayekuangalia vibaya. Misahafu mtakayoikuta kwenye rafu msiichukue bila kuuliza, na ukikabidhiwa mmoja usiuweke chini kwenye zulia, urudishe mkononi mwa aliyekupa.