Personne haikai pale inapokaa rien

"Zoezi la Kifaransa lataka nikanushe J'ai vu quelqu'un à Likoni. Nimeandika Je n'ai personne vu, mwalimu amekata. Mbona Je n'ai rien vu alinipa tiki?"

Personne, ikiwa ndiye anayetendewa, husubiri vu ipite kwanza: Je n'ai vu personne à Likoni. Rien, pas na jamais hujibana katikati, baada ya ai: Je n'ai rien vu, Je n'ai jamais vu. Katika wakati uliopo tofauti hiyo haionekani, kwani ni Je ne vois rien na Je ne vois personne, ndiyo maana wengi hunaswa wakifika wakati uliopita.

Kaka aliyejibu "toa pas, weka personne palepale" amepata nusu. Pas itoke kweli, ila hapo "palepale" ndipo penye mtego.

Dada wa Kisauni, sentensi yako ni nyingine. Katika Quelqu'un a appelé mtu ndiye mtendaji, basi personne hutangulia: Personne n'a appelé. Hiyo n' usiiache, hata kama kwenye filamu huisikii, mtihani waitaka.