Nimeficha chaneli zote na bado rigi inaharibika

SWALI: Habari mkuu. Nina rigi ya mhusika kwenye Maya, nikianimeti mwenyewe iko poa kabisa ila nikiwapa wenzangu wawili ni malalamiko tu. Mmoja kanirudishia sini kiwiko cha kushoto kimepinda kwa pembeni kidogo kuanzia fremu ya 1 mpaka ya mwisho, na kwenye Channel Box hakuna namba yoyote ya ajabu. Chaneli wasizotakiwa kugusa nilishazificha. Mwingine anasema haoni ashike wapi, kontroli zote ni duara za buluu. Nianzie wapi kurekebisha?

JIBU: Salama kaka. Tuanze na hicho kiwiko maana ndo kitakachokutesa zaidi. Umesema umezificha, hujasema umezifunga, na hapo ndo tatizo lilipo. Kuficha kunaitoa tu chaneli kwenye Channel Box, lakini haizuii kitu. Animeta anabonyeza E, anashika gizmo ya kuzungusha pale katikati kwenye ile sehemu huru badala ya kushika pete moja, anavuta, na zile eksi ulizoficha nazo zinageuka kidogo. Kisha anabonyeza S kuweka kii, S inaweka kii kwenye zile zinazoonekana tu, hizi za mafichoni zinabaki na thamani mpya bila kii yoyote. Ndo maana kiwiko kimepinda sini nzima, hakuna kii ya kufuta wala namba ya kuona. Kwa kweli bora ungeziacha wazi kabisa, angalau mtu angeona namba na kuirudisha 0.

Kuthibitisha, fungua hiyo sini yake uulize moja kwa moja, huku ukiweka namespace yake mbele kama rigi imeingia kwa refarensi:

```python
import maya.cmds as cmds
for a in ("rotateX", "rotateY", "rotateZ"):
    print(a, cmds.getAttr("L_elbow_CTRL." + a))
```

Tuseme kwako kiwiko kinakunjwa kwa rotateZ. Ukiona rotateX au rotateY ina digrii kadhaa wakati ilitakiwa iwe 0, mchawi ndo huyo.

Sasa kwenye faili la rigi rudisha hizo mbili 0 halafu zifunge na kuzificha kwa pamoja, ukibofya kulia kwenye Channel Box kuna Lock and Hide Selected. Kwa kontroli ya kiwiko cha FK mimi naacha rotateZ peke yake. Translate zote, scale zote, visibility, zote naziondoa. Visibility hasa usiisahau, maana ikibaki wazi S nayo inaiwekea kii kila mara, siku mtu akiizima bahati mbaya kwenye fremu moja kontroli inapotea na anakuja kukuuliza wewe imeenda wapi. Kama unatumia visibility kuwasha na kuzima FK na IK basi unganisha swichi yako kwenye visibility ya kundi la juu, sio ya kontroli yenyewe.

Ila kabla hujafunga hizo eksi mbili kunja kiwiko digrii 90 kwa rotateZ tu uangalie. Kiganja kikija mbele kwa mstari unaoeleweka, funga. Kikienda mshazari, jointi yako haijakaa sawa, na ukifunga utakuwa umemfungia animeta kwenye kosa lako mwenyewe. Rekebisha jointi kwanza.

Angalizo moja kubwa hapa, kama kuna shoti zimeshaanimetiwa usifunge kimya kimya. Faili la rigi likishakuwa na chaneli iliyofungwa, zile kii za animeta kwenye chaneli hiyo zinakosa pa kuunganika refarensi ikifunguliwa upya, na pozi linabadilika. Nilishawahi kufunga rotateX ya kifundo cha mguu katikati ya kazi, nikijua hakuna anayeitumia, kesho yake miguu ya shoti nzima ikawa imelala vibaya na kumbe jamaa aliitumia kweli. Siku hizi naweka toleo jipya la rigi na kusema wazi nimefunga nini, shoti za zamani zinabaki na toleo la zamani.

Tuje kwenye hizo duara. Duara sio mbaya, ubaya ni kila kitu kuwa duara. Mtu akitazama kontroli ajue itafanya nini kabla hajaishika, kwa hiyo FK za mkono ziwe pete inayozunguka kiungo maana ni za kuzungusha, IK ya kiganja iwe boksi maana inasogezwa, kontroli ya kiuno iwe kubwa kuliko zote karibu yake. Na zote zitoke nje ya meshi, kontroli iliyozama ndani ya bega ni sawa na haipo. Ukitaka kukuza au kusogeza umbo, chagua nukta za kevu, yaani Control Vertex, uvute hizo. Usiikuze kontroli yenyewe kwa scale, maana umbo litakaa vizuri ila kontroli itabaki na 1.7 badala ya 1, na kila kilicho chini yake kinairithi.

Rangi: kushoto buluu, kulia nyekundu, katikati njano, na kushoto ni kwa mhusika sio kwako wewe unayemtazama. Kijani kikali kiache, Maya yenyewe inatumia kijani kuonyesha ulichochagua mwisho, mtu atachanganyikiwa. Rangi iweke kwenye shape ya kontroli, ile sehemu ya Drawing Overrides, usiweke kwenye transform, maana ukiweka kwenye transform watoto wote wanarithi, unapaka bega unashangaa mpaka vidole vimekuwa vyekundu. Na ukishaweka kontroli kwenye display layer, layer ndo inashika usukani wa rangi na kazi yako haionekani, kwa hiyo layer iachie meshi. Hiyo meshi iweke R kwenye layer yake ili isichagulike, hapo hata mtu akichora boksi la kuchagua mwili mzima anashika kontroli tu.

Kitu cha mwisho ni seti. Tengeneza moja ya kontroli zote, moja ya uso, moja ya kila mkono pamoja na vidole vyake, inatosha, seti ishirini hakuna anayezikumbuka. Ndani ziingie kontroli tu, jointi hata moja isiingie, kwa sababu animeta atachagua seti yote na kubonyeza S, jointi iliyomo inapata kii, na kama imeshaunganishwa na konstreini Maya inaweka pairBlend katikati na kuanzia hapo jointi haimfuati kontroli inavyotakiwa. Hiyo seti ya wote inakusaidia na wewe kufunga vile vya kawaida kwa mkupuo:

```python
for c in cmds.sets("ALL_CTRLS", q=True) or []:
    for a in ("sx", "sy", "sz", "v"):
        cmds.setAttr(c + "." + a, lock=True, keyable=False, channelBox=False)
```

Kama kuna kontroli inahitaji scale, mfano ile kubwa ya dunia, itoe kwanza kwenye orodha. Ukimaliza, ingiza rigi kwa refarensi kwenye sini tupu, chagua seti ya wote, vuruga kila kitu kwa gizmo bila adabu, halafu andika 0 kwenye translate na rotate. Mhusika akirudi pozi lake la mwanzo bila kubaki na mkunjo wowote, wapelekee. Ukibaki na kiwiko kimepinda hata kidogo, bado kuna chaneli umeificha hujaifunga.